Pointi nyingi kwako, kombe kwa mwenzako: hesabu ya tenisi na taibreki

Fainali ya wanaume ya Roland Garros, mashindano ya tenisi ya Paris, mwaka 2025 ilikwenda saa 5 na dakika 29. Jannik Sinner alishinda pointi 193. Carlos Alcaraz alishinda 192, na ndiye aliyeondoka na kombe. Kwenye fainali ya Wimbledon mwaka 2019 hali ilikuwa kali zaidi: Roger Federer alipata pointi 218 dhidi ya 204 za Novak Djokovic, akafungwa.

Ukiwatajia watu matokeo hayo, wengi huishia kulaumu hesabu yenyewe. Lavu, kumi na tano, thelathini, arobaini: nani aliona namba zinazopanda hivyo? Lawama hiyo inachanganya mambo mawili, yaani majina ya pointi na namna pointi zinavyofungwa ndani ya gemu na seti. Kwenye majina nakubaliana na walalamikaji. Kwenye hilo la pili, hapana.

Majina yalirithiwa kutoka mchezo wa zamani wa Wafaransa, uliochezwa kwa kiganja cha mkono kabla ya kuja raketi. Wakati huo walihesabu kumi na tano, thelathini, arobaini na tano, na sitini ikawa gemu kamili. Arobaini na tano ni ndefu kuitamka kila mara, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilikatwa ikabaki arobaini. Kwa nini sitini? Hadithi inayopendwa ni ya saa ya ukutani, mshale ukisogezwa robo baada ya robo. Inavutia, ila hesabu hii ilikuwapo karne ya 15, na saa za wakati huo kwa kawaida hazikuwa na mshale wa dakika. Wengine wanaelekea kwenye fedha za kamari, kwa kuwa mchezo ulichezwa kwa dau. Lavu nayo ina hadithi ya yai la Kifaransa linalofanana na sifuri, lakini ya karibu zaidi ni usemi wa Kiingereza wa kucheza kwa mapenzi tu, yaani bila dau, bila kitu.

Kwa hiyo wanaotaka moja, mbili, tatu hawaharibu chochote cha uchezaji, kwa sababu mchezaji wa arobaini amepata pointi tatu, basi. Tena tenisi ya nyasi ilikaribia kuachana na namba hizo. Meja Wingfield, aliyeisajili mwaka 1874, alihesabu hadi pointi 15, na aliyekuwa na sevu, yaani zamu ya kuanzisha mpira, ndiye pekee aliyeweza kupata pointi. Waandaaji wa Wimbledon ya kwanza, mwaka 1877, ndio walioirudisha hesabu ya zamani.

Uzito uko kwenye kufunga. Gemu inataka pointi nne na uongozi wa mbili, seti inataka gemu sita na uongozi wa mbili, na gemu ikiisha pointi zake zimekwisha kazi. Ukishinda gemu bila mpinzani kupata kitu, kisha yeye akashinda yake baada ya dyusi tano, yaani sare za arobaini-arobaini, mko sawa. Ndiyo maana Federer aliishinda seti ya pili 6-1 na ya nne 6-4, akakusanya pointi tele, huku Djokovic akichukua seti zake tatu zote kwa taibreki, yaani pambano fupi la pointi linaloamua seti iliyofika sare.

Wapinzani wanaona hapo dhuluma. Mimi naona kinga: hakuna uongozi wa kulalia. Katika fainali ile ya Paris, Sinner alikuwa mbele kwa seti mbili kwa moja, gemu 5-3, na mpinzani akiwa chini lavu-arobaini kwenye sevu yake mwenyewe. Pointi tatu za ubingwa, zote zikapotea. Mchezo wa saa au wa jumla ya pointi ungekuwa umekwisha zamani.

Lakini sharti la uongozi wa mbili lina gharama yake. Chukua wachezaji wawili, kila mmoja anashinda pointi 7 kati ya 10 akiwa na sevu. Ukipiga hesabu ya gemu, kila mmoja atashika sevu yake, yaani atashinda gemu anayoanzisha yeye, takriban mara 9 kati ya 10, maana gemu hukuza tofauti ndogo. Sasa wamefika 6-6. Ili mmoja aongoze kwa gemu mbili, lazima katika jozi moja ya gemu mmoja ashike sevu na mwingine avunjwe, yaani apoteze gemu ya sevu yake. Nafasi ya hilo ni asilimia 18 tu kwa kila jozi. Takriban mara nne kati ya tano wanarudi sare, wakiwa wamechoka zaidi.

Hicho ndicho kilichowakuta John Isner na Nicolas Mahut Wimbledon mwaka 2010. Seti ya tano ilikwisha 70-68, mechi ikachukua saa 11 na dakika 5 ndani ya siku tatu, na ubao wa matokeo ukagoma ulipofika 47-47. Isner alishinda, kisha akafungwa mechi iliyofuata 6-0, 6-3, 6-2. Hapo ndipo hoja ya watetezi wa seti ndefu inapochechemea: ushindi ulimmaliza mshindi.

Taibreki inatatua tatizo kwa kushuka kutoka gemu hadi pointi. Wa kwanza anapiga sevu moja tu, kisha mpinzani mbili, kisha wanaendelea kwa mbilimbili, na kila baada ya pointi 6 wanabadilishana pande. Anayefika 7 kwa uongozi wa mbili anachukua seti. Mpangilio huo una akili: kila idadi ya pointi inapokuwa shufwa, wote wamepiga sevu sawasawa. Kwa wachezaji wetu wa 7 kwa 10, nafasi ya jozi ya pointi kuleta mshindi ni asilimia 42, si 18. Na kuanzia 6-6 ndani ya taibreki huwezi kushinda bila kuchukua angalau pointi moja kwenye sevu ya mwenzako.

Jimmy Van Alen, Mmarekani aliyeipigania, alitaka kitu kikali zaidi. Taibreki iliyoingia Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka 1970 ilikuwa ya pointi 9: ikifika 4-4, mpira mmoja unaamua, na mmoja tu ndiye mwenye sevu. Wachezaji waliichukia, na mwaka 1975 ikaondolewa. Walikuwa na haki, kwa kuwa pale mwenye sevu anapewa faida ambayo mwenzake harudishiwi.

Tangu mwaka 2022 mashindano makubwa yote manne yanamalizia seti ya mwisho kwa taibreki ya pointi 10, ikifika 6-6. Hoja ya ratiba na miili ya wachezaji naielewa. Hata hivyo, kadiri pambano linavyofupishwa, ndivyo mchezaji dhaifu anavyopata upenyo, na hodari wa kurudisha sevu ananyimwa gemu za kutafuta ufa. Wimbledon iliwahi kusubiri hadi 12-12, na fainali ya 2019 ilikwisha kwa njia hiyo chini ya saa tano. Ningeirudisha sheria hiyo kwa seti ya mwisho, 6-6 ibaki kwa seti nyingine, na ile pointi moja ya kuamua kwenye arobaini-arobaini, inayotumika kwenye mechi nyingi za wawili-wawili, isiguse kabisa mechi za mmoja mmoja.