Heroe Wanakula Nini?

"Picha ya kweli humwonyesha ndege jinsi alivyo," mchoraji mzee wa hapa Nakuru alimwambia kijana mwenye kanvasi za kisasa. Picha ya mzee ilijaa heroe waridi, ufuo mzima, wameinamisha vichwa majini.

"Mzee wangu, ndege sina neno nao. Ufuo wenyewe uko wapi?"

Hapo kijana ana hoja. Katika miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yalipanda hadi yakafunika lango kuu la zamani la hifadhi, na migunga ya kandokando ikafia imesimama majini. Maji hayo yalizimua magadi, mwani ambao heroe wa aina ndogo huula ukapungua, na wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Huja na kuondoka, ila kuwategemea kama zamani ni vigumu. Kijana mwenyewe alipaka kijivu, akasimamisha vigogo vyeupe, na chini akaacha mstari mmoja wa waridi uliofifia.

Mzee hakuridhika. "Futa jina la picha hiyo. Nani atajua ni Nakuru? Baringo nako maji yalipanda yakaua miti. Mimi najua hiki kinachokunjikia nyuma si goti, ni kifundo cha mguu. Goti limefichwa juu kwenye manyoya. Najua akila hupindua mdomo, wa juu ukawa chini. Nikikosea, mtu yeyote aliyemwona ndege atanirekebisha. Wewe atakurekebisha nani?"

Kwangu hilo ndilo pigo zito zaidi la ubishi wote. Picha isiyoweza kukosea ni vigumu kusema imepatia. Lakini kipimo hicho kilimrudia mzee mwenyewe.

"Kifaranga wa heroe ni kijivu," kijana alisema. "Uwaridi huupata kwenye chakula. Rangi yako inasema ziwa lina mwani tele."

"Manyoya hushika rangi mpaka yanyonyoke. Huenda walikula Bogoria."

"Sawa, lakini hapa wote wameinama. Maelfu. Wanakula nini?"

Mzee alikaa kimya, kisha akakiri kwamba alichora ziwa la ujana wake. Hapo sioni uongo wowote, mradi mnunuzi aambiwe. Wageni huinunua wakidhani ni ziwa la leo, na kasoro hiyo haimo katika mchoro wa unyoya hata mmoja. Imo katika mwaka usioandikwa. Angeuandika, picha ingekuwa ushahidi. Ya kijana haiponi kwa tarehe, kwa sababu inakosa mahali.

"Basi nitaandika mwaka," mzee alisema. "Nawe chora lango, hata paa lake tu."

Kijana alikataa: lango lingeigeuza kazi yake kuwa picha ya gazeti. Nadhani alikosea. Paa likichomoza majini, mstari ule wa waridi ungepata kwao.