Kata mkia wa pigo, usiguse kichwa chake

Mchezaji akilalamika kwamba upanga ni mzito, watengenezaji wengi wa gemu hukimbilia kufupisha maandalizi, yaani ule mwendo wa mkono kurudi nyuma kabla ya kupiga. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa mwisho kugusa. Maandalizi ndiyo yanayomwambia mtazamaji nini kinakuja na kutoka upande gani. Uzito unaolalamikiwa mara nyingi uko nyuma ya pigo: upanga umeshagonga, mchezaji ameshabonyeza kitufe kingine, lakini mwili bado unajikusanya taratibu.

Chukua pigo moja la upanga lenye fremu 34, kwenye gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde. Fremu ya 1 hadi ya 9 ni maandalizi. Fremu ya 10 hadi ya 12 upanga unaumiza. Fremu ya 13 hadi ya 34 mwili unarudi kwenye hali ya kusimama. Mchezaji asiporuhusiwa kufanya lolote hadi fremu ya 34, anangoja zaidi ya theluthi moja ya sekunde baada ya kugonga, na hapo vidole vinaona kama kidhibiti kimekufa. Lakini animesheni yenyewe haina kosa. Iache ilivyo, kisha uweke madirisha ya kuikatisha, yaani fremu ambazo kitendo kingine kinaruhusiwa kuingia.

Kosa la kawaida ni kuweka dirisha moja kwa vitendo vyote. Kila kitendo kinastahili wakati wake. Katika pigo letu, kukwepa kufunguke fremu ya 16, pigo linalofuata fremu ya 18, na kutembea fremu ya 26. Kukwepa kunatangulia kwa sababu mtu anayekwepa yuko hatarini, na akicheleweshwa ataona ameonewa. Kutembea kunakuja mwisho kwa sababu kijiti huwa kimesukumwa karibu muda wote. Ukikifungulia mapema, kila pigo litakatwa na miguu na hakuna atakayeuona upanga ukimaliza safari yake. Ile nafasi kati ya fremu ya 13 na ya 15 ifunge kabisa. Ni fremu tatu tu, lakini ndizo zinazoonyesha mkono ulionyooka na upanga uliopita, picha ambayo jicho huibeba kama "amepiga".

Upande wa mwanzo, ruhusu kukwepa katika fremu ya 1 hadi ya 3, wakati upanga haujasogea kwa kuonekana. Kuanzia fremu ya 4 funga. Ukiacha wazi mpaka ya 9, wachezaji watajifunza kuanza pigo na kulifuta, kuanza na kulifuta, na kwenye gemu ya wawili mpinzani ataona bega linatetemeka tu bila kujua lipi ni pigo la kweli.

Sasa akiba ya vitufe. Watu hawangoji dirisha lifunguke ndipo wabonyeze. Wanabonyeza kabla, kwa mdundo. Kazi ya akiba ni kushika kile kitufe kwa muda mfupi mpaka dirisha lifunguke. Gemu hutofautiana sana hapa: Street Fighter V ilitoa fremu 3, Super Smash Bros. Ultimate inatoa 9. Kwa gemu ya upanga ya mchezaji mmoja, ningeanza na fremu 10, ambazo ni kama sehemu moja ya sita ya sekunde.

Hapa pana hitilafu moja inayowasumbua watu kwa wiki nzima. Pigo likigonga mwili, gemu nyingi hugandisha picha kidogo ili mgongano uhisiwe. Tuseme fremu 6. Mchezaji anabonyeza pigo la pili kwenye fremu ya 11. Akiwa amekosa shabaha, dirisha la fremu ya 18 liko fremu 7 mbele, akiba ya 10 inatosha, pigo la pili linatoka. Akiwa amegonga, zile 7 zinaongezewa 6 za mgando na kuwa 13. Akiba imeshakwisha, kitufe kimepotea. Dalili yake ni ya ajabu: mfululizo wa mapigo unatoka vizuri ukipiga hewa, unakatika ukipiga adui. Wengi hudhani ni mgongano wa maumbo, wanachimba pasipo na kitu.

Dawa ni kwamba saa ya akiba isihesabu wakati wa mgando, ila kitufe kiendelee kusomwa. Kwa Godot huandikwa hivi:

```
func _physics_process(_delta):
    if Input.is_action_just_pressed("pigo"):
        akiba = "pigo"
        muda = 10
    if mgando > 0:
        mgando -= 1
        return
    fremu += 1
    if muda > 0 and fremu >= dirisha[akiba]:
        anza(akiba)
        muda = 0
    muda = max(muda - 1, 0)
```

Kitufe kinasomwa kabla ya `return`. Ukikiweka chini yake, chochote kilichobonyezwa wakati wa mgando hakitasikika. Kwa sababu hiyohiyo usigandishe kwa `get_tree().paused`, maana nodi hii nayo italala. Na ile `muda = 0` baada ya `anza` si pambo: bila hiyo, kwenye pigo ambalo dirisha lake hufunguka kabla akiba haijakwisha, kubonyeza mara moja kunaweza kutoa mapigo mawili.

Akiba ishike kitu kimoja tu, cha mwisho kubonyezwa. Ukitengeneza foleni, mtu aliyebonyeza kwa pupa mara nne atatazama mapigo yote manne yakitoka huku adui akimjia, na hana la kufanya. Vilevile ifute akiba mchezaji anapopigwa. Kukwepa kulikobonyezwa kabla ya kupigwa na kutokea baada ya kuinuka humtupa mtu mahali ambapo hakukusudia kwenda, wakati mwingine shimoni. Hapo pia ndipo pa kuzima eneo la kuumiza la upanga kwa msimbo wako mwenyewe. Kama linazimwa na tukio lililowekwa fremu ya 13, na pigo likakatwa fremu ya 11, tukio hilo halifiki kamwe, na upanga unabaki ukiumiza huku mwenyewe yuko chini.

Kukata kwenyewe kunahitaji macho ya mwanaanimesheni. Mchanganyo wa fremu 12 kutoka pigo hadi kukwepa hufanya upanga uelee kama uko majini. Fremu 3 zinatosha. Kati ya pigo na pigo, la pili lianzie pale la kwanza lilipoishia: la kwanza likitoka kulia kwenda kushoto, la pili lijiandae kushoto. Ukipanga hivyo, fremu 17 zilizotupwa hakuna atakayezikumbuka.

Haya yote ni ya mchezaji, si ya adui. Adui asikatishe pigo lake ovyo, kwa sababu mchezaji humsoma kwa mwili tu. Maandalizi ya fremu 25 au 30 kwake si uzembe, ndiyo nafasi ya kumjibu.

Kupima, rekodi skrini kwa fremu 60 na uipitishe fremu moja moja ukiwa umebonyeza haraka uwezavyo. Hata hapo ile picha ya mkono ulionyooka lazima ikae fremu tatu kamili. Ikionekana moja, sogeza dirisha mbele. Ikiwa zote zipo na bado kidhibiti kinahisi kizito, ongeza akiba fremu mbili kabla ya kugusa kitu kingine.