Hiyo 3 uliyompa ina maana gani?

"Sasa kama jibu zuri tumeshaliandika kabla mtu hajafika, tunamuita wa nini? Si tunatafuta kasuku tu."

Haya ni ya jamaa mmoja anayekaa sana kwenye paneli za ajira, anapinga wazo la paneli kuandaa kabla ya intavyuu skeli ya 1 hadi 5 yenye mifano ya majibu kwa kila swali, na nakubali kuna ukweli ndani yake, nitaufikia. Ila kinachoandikwa kabla sio maneno ya kukariri bali matendo. Wazo lenyewe sio jipya, Patricia Cain Smith na Lorne Kendall walilitoa mwaka 1963 wakiwa wanatafuta namna ya kupima kazi ya manesi, baadaye likaingia kwenye intavyuu.

Chukua mfano wa zahanati inayotafuta mtunza stoo. Swali: tuambie mara moja ambayo dawa ulizohesabu hazikulingana na leja, ulifanyaje? Kabla ya yote paneli inakaa na kuandika. Jibu la 1: alibadilisha leja ifanane na kilichopo kwenye shelfu. La 3: alihesabu upya akamwambia bosi, akaishia hapo. La 5: alihesabu upya na mtu mwingine, akapitia vocha za kupokelea na za kutolea mpaka akaona tofauti imetokea wapi, akaripoti kwa maandishi kabla ya kugusa leja.

Anaingia wa kwanza, anaongea vizuri, anatazama watu machoni, anasema mimi ni makini sana sipendi uzembe kabisa, nilihakikisha leja imekaa sawa. Bila maandishi yale huyu anaondoka na 4 yake mapema tu. Ukiwa nayo mbele unajikuta unamuuliza, uliiwekaje sawa? "Niliandika idadi iliyokuwepo." Hiyo ni 1. Anakuja wa pili, sauti chini, anasema paketi 40 za amoksilini hazikuonekana nikamwita nesi tukahesabu tena, kumbe vocha moja ya wodi ya watoto haikuingizwa, nikamwandikia mganga mfawidhi ndo tukarekebisha. Huyu ni 5 hata kama alikuwa anatetemeka.

Lakini kinachonikera zaidi ni ile wastani. Watu watatu kwenye paneli wanampa mtu mmoja 2, 3 na 4, wanajumlisha wanagawa inatoka 3, wanapita kwa mwingine. Hiyo 3 sio ya mtu yeyote! Mmoja aliona mwizi mtarajiwa, mwingine aliona kijana mchangamfu, na wa kati pengine hakuwa anasikiliza akaona bora aweke namba isiyomgombanisha na mtu. Halafu anakuja mwingine wanampa 3, 3, 3, nae anatoka na 3 na kwenye karatasi wako sawa. Skeli ikiwa na matendo, yule wa 2 na yule wa 4 wanalazimika kuulizana alisema alipitia vocha au hakusema, wanafungua noti zao, na hapo ubishi unaisha au angalau unajulikana ni wa nini. Ndio maana kila mmoja aweke alama yake kimya kwanza, kabla bosi hajafungua mdomo.

Takwimu nazo zinaegemea huku. Uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022 ulizipa intavyuu zenye mpangilio 0.42 katika kutabiri utendaji kazini na zisizo na mpangilio 0.19, ambapo 0 ni kubahatisha na 1 ni kupatia kabisa. Sio skeli peke yake iliyoleta hiyo, maswali yanayofanana kwa wote yamo pia, na hata 0.42 bado inaacha mengi nje.

Sasa ukweli wa jamaa. Skeli ikiandikwa na mtu mmoja wa ofisini inakuwa picha yake yeye, na wengi huandika "anajibu vizuri na kwa kujiamini" kwenye 5, hapo hujaandika kitu, umerudia hisia ile ile kwa herufi. Dawa yake Smith na Kendall walikuwa nayo tangu mwanzo: wanaoijua kazi wanatoa mifano, halafu kundi lingine lisiloshiriki linapewa mifano hiyo imechanganywa liipange upya. Mfano ambao mmoja anauweka 2 na mwingine 4 unatupwa. Inachukua muda kweli, na kwa nafasi moja ya wiki mbili sioni wa kuumaliza mzunguko wote, hapo chukua maswali manne na wasimamizi wawili wanaoijua stoo wakupangie.

Na likija jibu zuri ambalo hamkuliwaza, mfano mtu alisimamisha utoaji wa dawa hiyo mpaka hesabu iishe, liandikeni neno kwa neno, mkubaliane liko jirani na kielelezo kipi na kwa nini, ila skeli msiibadilishe katikati maana waliotangulia walipimwa kwa ile ya asubuhi. Liingizeni kwenye skeli ya awamu ijayo.