Stoki ya shiti na stoki ya duka la onlaini: kaskripti kanatosha?

"Nauza vitenge, hesabu naweka Google Sheets na onlaini niko WooCommerce. Nikiandika kaskripti ka Python kawe kanachukua namba za shiti kanazipeleka dukani kila dakika 15 si itatosha, au nilipie tu mfumo?"

Kama una kaunta moja inatosha kabisa, ila sio kwa hiyo njia ya kuchukua na kupeleka, hapo ndo utakuja kuuza kitenge ambacho hakipo halafu uanze kumpigia mteja kumwomba radhi. Mimi yalinikuta.

Tuseme saa nne kamili shiti inasema 12 na WooCommerce inasema 12. Saa nne na dakika nne mteja wa onlaini ananunua 2, WooCommerce inajipunguza yenyewe inabaki 10. Dakika moja baadae dada wa kaunta anauza 3, anafuta 12 anaandika 9. Robo saa ikifika skripti inasukuma 9 onlaini. Kwenye rafu ziko 7. Zile 2 za onlaini zimefutika na hakuna kosa lolote lililotokea kwenye skrini, kila kitu kinaonekana kiko poa.

Dawa yake ni kuweka kumbukumbu ya tatu, yaani namba ambayo pande zote mbili zilikubaliana mara ya mwisho, unaihifadhi kwenye kafaili pembeni. Halafu unahesabu hivi:

```python
mpya = shiti + duka - mwisho
```

9 + 10 - 12 unapata 7, ndo hizo za kwenye rafu. Hiyo 7 unaiandika kote, shiti, onlaini na kwenye kumbukumbu. Uzuri wake hata mzigo mpya ukiingia dada akaongeza 20, au oda ikaghairiwa WooCommerce ikarudisha stoki, hesabu inakubali tu.

Sasa ubaya wake. Skripti ikifa katikati, imeshaandika 7 onlaini lakini haijagusa shiti wala kumbukumbu, raundi inayofuata inapiga 9 + 7 - 12 unapata 4, yaani mauzo ya kaunta yamekatwa mara mbili. Kwa hiyo kabla haijagusa chochote iandike kwanza kwenye faili inachotaka kufanya, ikimaliza iifute, na ikianza ikaikuta bado ipo isimame ikuite. Jibu likija hasi pia isimame, hasi maana yake kuna mtu kauza hewa. Na bado kuna sekunde chache kati ya kusoma na kuandika ambazo mauzo yanaweza kupotea, hizo huwezi kuziua kabisa, ndo maana ijumaa jioni mtu ahesabu rafu kwa mkono, skripti ikiwa imezimwa.

Kuhusu ratiba, `cron` inatosha ila iwekee kufuli, raundi moja ikichelewa sababu ya neti nyingine isianze juu yake:

```
*/15 * * * * flock -n /tmp/stoki.lock /usr/bin/python3 /home/duka/stoki.py >> /home/duka/stoki.log 2>&1
```

Usiiweke kwenye laptopu ya dukani. Umeme ukikatika `cron` hairudii raundi zilizopita, na kwa ile fomula sio janga maana itashika tofauti yote ikiamka, ila huko nyuma onlaini watakuwa wamenunua vya juzi. Kaseva kadogo ka kukodi ni bora. Mwisho wa siku fungua logi: kama mistari ya mwisho ni ya asubuhi, ujue ilishakufa na hakuna aliyekwambia.

Kingine ni namba za utambulisho za bidhaa. Ukiandika 0042 Google Sheets inakugeuzia 42, na hata ukiiweka kama maandishi matupu bado `gspread`, ile maktaba ya Python ya kusomea shiti, ikisoma inaweza kuigeuza namba, basi bidhaa haionekani WooCommerce na skripti inairuka kimya kimya. Soma hivi:

```python
ws.get_all_records(numericise_ignore=["all"])
```

Hapo kila kitu kinakuja kama maandishi, kwa hiyo idadi uipitishe `int()` mwenyewe.

Mfumo wa kulipia una faida moja tu ya kweli kwenye hili: stoki inakaa sehemu moja, kaunta na onlaini wanakata humo humo, hakuna cha kulinganisha. Hiyo faida ni kubwa ukiwa na kaunta mbili au bidhaa nyingi unazobaki na moja moja, kama magauni ya saizi, kule robo saa ni muda mrefu sana. Ila kitenge chenye pisi 12 unaweza kuonyesha onlaini pungufu ya 2, hiyo akiba inakula zile dakika 15, na hela ya mfumo ukaongezea mzigo. Ukifanya hivyo kumbuka kuzirudisha hizo 2 kwenye `duka` kabla ya kupiga hesabu, la sivyo kila raundi itakukata 2 zisizouzwa.