Siku ya kwanza si ya mtihani

"Watoto wa mtaani walipimwa kusoma na hesabu siku walipofikishwa kituo cha watoto, wengi wakashindwa."

Jamani, siku ileile? Nimefanya kazi na watoto hawa Mwanza. Mtoto akiona fomu anajua ni polisi, au anarudishwa kwa baba aliyemkimbia, basi anataja jina la uongo na kunyamaza. Sisi wiki tatu tulikwenda stendi usiku bila karatasi, tukicheza nao drafti kwa vizibo vya soda. Kijana mmoja "asiyejua hesabu" alinipigia hesabu ya bei ya vyuma chakavu, kilo na nusu kilo, bila kukosea. Tulimpima baadaye, asubuhi, ameshakula na hajanusa gundi. Kuandika namba ndiko kulikomshinda, tukaanzia hapo.