Bandari Ikifungwa, Mkataba Unasema Kitafuata Nini?

Katika mikataba ya kuuza mazao nje ninayopewa kuisoma, kifungu cha nguvu zisizozuilika mara nyingi ni orodha ndefu ya majanga: vita, mafuriko, mgomo, tetemeko, maradhi ya mlipuko, amri ya serikali. Orodha ikiisha, kifungu nacho kimeisha. Hakisemi muda wa kupakia utaongezwa kwa siku ngapi, nani atalipia ghala, wala arubuni ya mnunuzi itakwenda wapi. Nikiuliza, naambiwa kuwa bandari ikifungwa sheria yenyewe itamwokoa muuzaji. Sikubaliani na tegemeo hilo, na kesi mbili za Uingereza zinaonyesha sababu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Kifungu cha nguvu zisizozuilika ni makubaliano ya wahusika wenyewe, kwa hiyo kinatoa kile tu ambacho maneno yake yanatoa, na anayekitegemea ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa kinamhusu. Kutotekelezeka kwa mkataba ni kanuni ya sheria, iwe kifungu kimeandikwa au hakikuandikwa. Tukio ambalo hakuna upande uliolisababisha likifanya utekelezaji usiwezekane, au ligeuke kuwa jambo tofauti kabisa na lililoahidiwa, mkataba unakufa papo hapo. Hausimamishwi ukisubiri bandari ifunguliwe, na hakuna anayeulizwa kama angependa kuendelea nao.

Kesi ya kwanza ilihusu bandari ya Gdynia, Poland. Mwezi Julai 1939 kampuni ya Leeds iliahidi kuiundia kampuni ya Kipolandi, Fibrosa, mashine za kuchambulia nyuzi za kitani, kwa pauni 4,800, na kuzifikisha Gdynia. Mnunuzi alitanguliza pauni 1,000. Septemba vita vikaanza, na kabla mwezi haujaisha Gdynia ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichotaja vita kwa jina, kikisema kwamba mzigo ukicheleweshwa kwa sababu hiyo, muuzaji atapewa nyongeza ya muda wa kadiri. Muuzaji alishikilia kuwa kifungu hicho kimeshamaliza suala, kwa hiyo mkataba bado u hai na fedha ni zake.

Mwaka 1942 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilimkatalia. Nyongeza ya muda wa kadiri inafaa kwa ucheleweshaji unaotarajiwa kwisha. Haiwezi kubeba vita ambavyo hakuna aliyejua vitaisha lini. Neno “vita” lilikuwamo, lakini tiba iliyoandikwa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa, na kanuni ya kutotekelezeka ikaingia kuziba pengo hilo. Mnunuzi alirudishiwa pauni 1,000 zote kwa kuwa hakuwa amepokea chochote, ingawa muuzaji alikuwa ameshagharimika kutengeneza mashine hizo. Uonevu wa matokeo hayo ulionekana wazi, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilitunga sheria inayoiruhusu mahakama kumwachia aliyelipwa sehemu ya fedha kwa ajili ya gharama zake.

Kesi ya pili inawagusa wauzaji wetu kwa karibu zaidi. Tarehe 4 Oktoba 1956 kampuni ya Tsakiroglou iliuza tani 300 za karanga za Sudan kwa mnunuzi wa Ujerumani, kwa pauni 50 kila tani, bei ikijumuisha bima na nauli hadi Hamburg, na mzigo upakiwe Novemba au Desemba. Karanga zilikuwa ghalani Port Sudan. Tarehe 2 Novemba Mfereji wa Suez ukazibwa. Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, maili 11,137 badala ya 4,386, na nauli ikapanda kutoka pauni 7 na nusu hadi 15 kwa tani. Muuzaji hakupakia, akadai ameponywa na kifungu pamoja na kanuni.

Alishindwa kwa vyote viwili. Kifungu chake kilizungumzia nguvu zinazozuia upakiaji, na upakiaji haukuzuiwa, kwa kuwa Port Sudan ilikuwa wazi na meli za kuzunguka Rasi zilipatikana. Kwa upande wa kanuni, mahakama ilisema safari ndefu na ya gharama kubwa zaidi bado ni safari ileile ya kupeleka karanga Hamburg. Mkataba haukutaja njia, na karanga zisingeharibika kwa safari hiyo. Bei ya soko ilikuwa imepanda, naye akaamriwa kulipa fidia ya pauni 5,625. Nauli ya ziada kwa tani zote 300 ingekuwa takriban pauni 2,250.

Hapa ndipo ninapoomba muuzaji wa ufuta au wa korosho asome kwa makini kitenzi kilichomo kwenye kifungu chake. “Kuzuia” kunadai njia zote ziwe zimefungwa. “Kukwaza” au “kuchelewesha” kunadai kidogo zaidi, ingawa kupanda kwa gharama peke yake kwa kawaida hakutoshi hata hapo. Tena aangalie bandari ilivyotajwa. Kama mkataba unasema mzigo utapakiwa Dar es Salaam, kufungwa kwa Dar es Salaam kunagusa moyo wa ahadi. Kama unasema bandari yoyote ya Tanzania, mnunuzi atauliza Tanga na Mtwara zilikuwa na nini, na swali lake litakuwa la haki.

Kwa mkataba unaotawaliwa na sheria ya Tanzania, kanuni imo katika kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba: tendo likishindikana baada ya mkataba kufungwa, mkataba unabatilika. Kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea faida airudishe au aifidie. Angalia kilichoachwa: hakitaji gharama za aliyekwisha kununua magunia, kukodi lori na kulipia ghala akingoja meli. Muuzaji aliyepokea arubuni akaitumia kukusanya mzigo anaweza kujikuta mahali palepale alipokuwa fundi wa Leeds. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kutoiachia sheria kazi ambayo wahusika wangeweza kuifanya kwa sentensi tatu.

Sentensi hizo ningeziandika hivi: “Bandari ya kupakilia ikifungwa, au meli zikizuiwa kuingia kwa amri ya mamlaka, muda wa kupakia utasimama kuanzia siku muuzaji atakapotoa taarifa ya maandishi, ambayo ataitoa ndani ya siku saba tangu kufungwa. Kizuizi kikizidi siku thelathini, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa maandishi. Mkataba ukivunjwa hivyo, muuzaji atarudisha malipo ya awali baada ya kukata gharama za ghala na usafiri zenye stakabadhi, zisizozidi asilimia kumi ya malipo hayo.”

Siku thelathini si namba takatifu. Mwenye embe ataweka tatu, na mwenye ufuta mkavu ghalani anaweza kuvumilia sitini. Asilimia nayo mnunuzi ataipinga, na hilo ni jema, kwa sababu mabishano hayo yanafanyika wakati bandari ikiwa wazi na pande zote mbili bado zinautaka mzigo.