Swali zuri halifelishi mtu kwa sababu hakuelewa ameulizwa nini

Kuna sifa moja ya walimu wa chuo inanikera sana, ile ya kujivunia swali linaloangusha darasa. Juzi kwenye kikao cha harusi mzee mmoja aliyewahi kufundisha chuo kikuu alikuwa anatusimulia swali lake moja la miaka hiyo, nusu ya darasa wanasapu kila mwaka, anasema hilo ndilo lilikuwa swali, siku hizi watoto wanatafuniwa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimetoka kusikia habari za rafiki yangu anayefundisha takwimu za afya kwenye chuo kimoja, na yeye alikuwa na swali la namna hiyohiyo analolipenda kuliko yote, ila alifanya kitu ambacho yule mzee hakuwahi kukifanya. Alikaa chini akayasoma yale majibu mabovu moja moja.

Swali lenyewe wengi mliosoma afya mmeshakutana nalo. Pepa ni ya Kiingereza lakini kwa lugha yetu lilikuwa hivi: ugonjwa fulani unampata mtu 1 kati ya watu 1,000, kipimo chake kina chanya za uongo asilimia 5, mtu kapimwa na jibu limetoka chanya, je kuna uwezekano gani kwamba kweli anaumwa? Maksi 10.

Jibu ni kama asilimia 2. Chukua watu 1,000, mmoja anaumwa na kipimo kinamkamata, waliobaki 999 ni wazima ila asilimia 5 yao, yaani kama 50, kipimo kinawasingizia. Kwa hiyo wenye jibu chanya ni 51 na mgonjwa wa kweli ni mmoja tu. Ni hesabu tamu sana na ndiyo maana walimu wanaipenda, inamfundisha mtu kwamba jibu chanya la ugonjwa adimu si hukumu.

Swali hili lina historia ndefu. Mwaka 1978 watafiti waliwauliza watu 60 kwenye hospitali zinazofundisha za Harvard, madaktari wenyewe pamoja na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, waliopata ni 11 tu, na 27 walijibu asilimia 95. Kuanzia hapo limekuwa likizunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba madaktari hawajui hesabu. Rafiki yangu alilitoa huko, na kila semista akawa anaona darasa lake nalo linaandika 95, anasahihisha, anaweka sifuri, anasonga mbele.

Kilichombadilisha ni mwanafunzi mmoja mtu mzima, kliniko ofisa wa miaka mingi aliyerudi shule, alikwenda ofisini kwake baada ya matokeo akamwambia kwa upole kabisa, "Madamu, naomba kuuliza, ile asilimia tano ni ya nani?" Akamjibu ya wazima, si ndiyo maana yake. Yule baba akasema, "Sawa Madamu, lakini haijaandikwa. Mimi nilisoma kwamba katika majibu chanya mia moja, matano ni ya uongo. Na kama ni hivyo basi tisini na tano ni ya kweli."

Na ni kweli. Ukilisoma hivyo, 95 ndilo jibu sahihi na halihitaji hata kalamu. Yule baba hesabu anazijua, yeye alijibu swali jingine, lile lililoandikwa kwenye karatasi aliyopewa.

Basi rafiki yangu akarudi kwenye makaratasi. Kitu cha kwanza alichofanya naomba walimu wote mkifanye maana hakihitaji kompyuta. Akawapanga wanafunzi kwa maksi za pepa nzima bila kuhesabu lile swali, akachukua kundi la juu na kundi la chini, desturi ni asilimia 27 kila upande lakini hata theluthi inatosha, halafu akahesabu kila kundi wangapi wamelipata. Swali zuri linafanyaje? Tuseme kila kundi lina watu 30, juu wamepata 24 na chini 9, tofauti ni 15, ukigawa kwa 30 unapata 0.5, hilo swali linatenganisha anayejua na asiyejua. Ikija karibu na sifuri maana yake anayejua na asiyejua wanapata sawasawa, kwa hiyo unachokipima ni kitu kingine. Ikishuka chini ya sifuri basi wanaojua ndio wanaokosa, na hapo ujue kuna tatizo kwenye swali au kwenye maki skimu. Nakubali kwamba darasa la watu 20 hizi namba zinayumba sana, mwanafunzi mmoja tu anakuharibia picha, kwa hiyo huwezi kulitupa swali kwa hilo peke yake. Lakini linakuambia pa kwenda kuchungulia.

La kwake lilikuwa karibu na sifuri. Swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa haliwezi kumtofautisha mwanafunzi wake bora na yule aliyeingia pepa akiwa hajagusa daftari.

Kuchungulia sasa ndiko kulikomuuma. Waliojibu 95 walikuwa wengi na wengi wao walisoma kama yule kliniko ofisa. Lakini kulikuwa na kundi la pili, dogo, la wanafunzi wazuri kabisa, walioanza hesabu vizuri wakafika katikati wakaacha, mmoja akaandika pembeni kwamba taarifa hazitoshi. Na hazikutosha kweli! Swali halisemi popote kipimo kinawakamata wagonjwa wangapi kati ya wanaoumwa. Kinawakamata wote? Tisini kati ya mia? Ile hesabu yangu hapo juu imejichukulia tu kwamba kinawakamata wote. Huyu mtoto ameona shimo ambalo mwalimu hajaliona, na kapewa maksi 2 kati ya 10. Hilo mimi nikilifikiria damu inachemka, maana tunamlipisha mtu ada tumfundishe kusoma takwimu kwa makini, halafu akisoma kwa makini tunamwadhibu.

Kundi la tatu ni wale waliokwisha pita wodini. Wao waliandika kwamba mgonjwa amekuja hospitali kwa sababu ana dalili, kwa hiyo ile 1 kati ya 1,000 haimhusu, yeye uwezekano wake ulikuwa mkubwa tangu mlangoni. Na wako sahihi kabisa kitabibu. Swali la 1978 lilikuwa na kipande kinachosema chukulia hujui chochote kuhusu dalili za huyo mtu. Kwenye toleo la rafiki yangu hicho kipande hakikuwepo, kilidondoka huko njiani katika kunakili mwaka hadi mwaka ili swali liwe fupi na lipendeze.

Hapo ndipo akaanza kuliandika upya na si kazi ya dakika tano kama watu wanavyodhani. Toleo la kwanza alijaza kila kitu, fasili, tahadhari, masharti, likawa aya ndefu nusu ukurasa na ndani yake kukanusha mara mbili mbili. Akampa mwenzake wa idara alisome kwa sauti, mwenzake akarudia sentensi moja mara tatu. Hilo likafa.

Toleo la pili akaligeuza lote kuwa idadi ya watu: kati ya watu 1,000 mmoja anaumwa, kati ya wazima 999 watu 50 wanapata chanya ya uongo, na kadhalika. Hii njia ina nguvu sana, mwaka 1996 watafiti Leda Cosmides na John Tooby waliliandika upya swali lilelile la Harvard kwa idadi badala ya asilimia, na kwa maneno ya zamani wanafunzi waliolipata walikuwa asilimia 12 tu, kwa idadi wakafika asilimia 76. Lakini rafiki yangu akaona kasoro na mimi nakubaliana naye: ukimpa mwanafunzi watu 51 na mgonjwa 1 umeshamfanyia kazi yote, amebaki na kugawanya. Alichotaka kupima ni kama mwanafunzi anaweza kuitoa ile asilimia kwenye kipeperushi cha kipimo akaigeuza kuwa watu. Kule kazini hakuna atakayemgeuzia.

Toleo la tatu ndilo likaingia kwenye pepa. Asilimia zimebaki, ila kila asilimia imeambiwa ni ya nani. Linasema watu 10,000 wamechaguliwa bila mpangilio kutoka kwenye jamii na hawakuchaguliwa kwa sababu ya dalili. Katika jamii hiyo mtu 1 kati ya 200 anaumwa. Kati ya wanaoumwa, kipimo kinatoa chanya kwa asilimia 90. Kati ya wasioumwa, kipimo kinatoa chanya kwa asilimia 4. Sentensi fupi, kila moja jambo moja. Kipengele (a), jaza jedwali la wanaoumwa na wasioumwa kwa chanya na hasi, maksi 4. (b), kati ya wote wenye jibu chanya ni asilimia ngapi wanaumwa kweli, maksi 3. (c), mgonjwa amekuja kliniki na dalili za ugonjwa huu na jibu lake ni chanya, je jibu lako la (b) linamfaa yeye? Eleza, maksi 3.

Fanya nami: wanaoumwa 50, wenye chanya 45. Wazima 9,950, wenye chanya 398. Chanya zote 443, kati yao wagonjwa 45, kama asilimia 10. Namba kazibadilisha makusudi maana ile 2 ilikuwa imeshaingia kwenye madesa na wapo waliokuwa wanaiandika bila kujua imetoka wapi.

Mwenzake mmoja kwenye modereshen akasema amelirahisisha. Mimi nasema hapana, na hapa siwezi kukaa kimya. Kipengele cha (c) peke yake ni kigumu kuliko swali zima la zamani, kinataka uelewe kwamba kipimo kilekile kina maana tofauti kwa mtu aliyekuja akiwa na homa na kwa mtu aliyekutwa sokoni. Kilichoondoka ni kubahatisha mwalimu alikuwa anawaza nini. Kama ugumu wa swali lako uko hapo, basi wewe hutahini takwimu.

Wapo waliokosa pia, tena wengi. Ila sasa makosa yao yanasomeka. Kosa lililojirudia kuliko yote kwenye (b) ni kuchukua 45 wakagawa kwa 50 wakaandika asilimia 90, yaani wamejibu kati ya wagonjwa wangapi wana chanya badala ya kati ya wenye chanya wangapi ni wagonjwa, na jedwali lao la (a) liko sahihi kabisa hapo juu. Hao kawapangia kipindi cha mazoezi mwanzoni mwa semista, majedwali matupu ya kujaza, na kabla ya kugawanya kila mtu lazima aandike kwa maneno ni kundi gani liko chini ya mstari.